Maombi 31, simu sifuri: siku nilipoilaza CV yangu kando ya matangazo

Shemeji yangu, mke wa kaka, yuko ofisi ya rasilimali watu katika kiwanda kimoja hapa Dar. Miezi mitano nilikaa bila kazi na sikuwahi kumgusia habari zangu, maana niliogopa ataona namtafutia konekisheni. Jumapili moja ya Juni 2023, tumeshakula, watoto wako nje, yeye mwenyewe ndiye aliyeanza.

"Shem, umetuma maombi mangapi mpaka leo?"

"Thelathini na moja."

"Umeitwa mangapi?"

"Hakuna."

"Hata simu ya kukosea?"

Nilicheka, ila iliniuma. Nikamwambia ninachoambiwa kijiweni kila siku, kwamba kazi siku hizi ni kujuana na bila mshika mkono hupati. Hakubisha. Alisema za kujuana zipo, hata kwao zipo, tangazo linatoka na mtu wake ameshaonekana. "Lakini zote 31, Shem? Ungekuwa umeitwa mara tano ukakosa zote, ningesema tatizo ni namna unavyojibu maswali. Wewe hujafika hata mlangoni. Kitu kinakufa kwenye karatasi. Hebu nionyeshe CV, na matangazo yenyewe uliyoomba."

CV nilikuwa nayo kwenye simu. Matangazo sikuwa nayo. Nilikuwa naliona tangazo, natuma, nasahau. Nyingi ya zile linki zilikuwa zimeshakufa, kwa sababu kampuni ikishafunga kupokea maombi huliondoa tangazo lake. Nilipekua picha za simu, katikati ya picha za harusi ya binamu yangu, nikapata matangazo saba niliyokuwa nimeyapiga picha ili nisisahau barua pepe ya kutumia. Saba kati ya 31. Sasa hivi kila tangazo ninaloomba nalihifadhi lote, kuanzia jina la kazi mpaka mstari wa mwisho, kwa sababu bila tangazo huwezi kujua ulikataliwa kwa kipimo gani.

Kabla hajasoma chochote, alichukua simu yake akapiga namba iliyoandikwa juu ya CV. Ikaita mfukoni mwangu. "Haya, hiyo nzima," akasema. Nilidhani ananitania, kumbe kwake ni jambo la kwanza kuangaliwa, maana amewahi kukutana na CV nzuri yenye namba isiyopatikana.

Akanieleza wanavyochuja. Nafasi moja ya mtunza stoo waliwahi kupata maombi zaidi ya mia tatu. Hakuna anayeyasoma yote. Anafungua Excel, anaweka nguzo kama tano: elimu, miaka kwenye kazi hiyo, mfumo wa kompyuta anaoujua, aina ya bidhaa alizoshika, mahali anapoishi. Kila CV anaipitia kwa macho akitafuta cha kujaza. Nguzo ya lazima ikibaki tupu, anakwenda kwa mwingine. "Sisi hatusomi CV, Shem. Tunatafuta vitu ndani yake. Kama kipo lakini sikukiona, ni sawa na hakipo."

Kisha akanipa kazi ya kufanya nyumbani. Nitafute matangazo mengine yanayofanana na yale saba, niyaweke pamoja, na nisiiguse CV hata neno moja mpaka nimalize kulinganisha. Hilo la mwisho lilinisumbua, mkono ulikuwa unawasha kuanza kurekebisha.

Nilipata mengine sita yaliyokuwa hai. Moja lilitaka shilingi 20,000 za fomu, nikalitupa palepale, hakuna mwajiri wa kweli anayeuza fomu. Yakabaki 12. Nikanunua kaunta buku, nikakaa mezani na kalamu mbili za rangi.

Nielezee kidogo mimi ni nani, ili mfuatane nami. Nina stashahada ya ununuzi na ugavi ya 2016. Kuanzia 2017 mpaka Januari 2023 nilikuwa na muuzaji mkubwa wa vifaa vya ujenzi: saruji, nondo, rangi, mabomba, misumari. Niliajiriwa dukani kama msaidizi wa mauzo. Mwaka 2019 aliyekuwa akishika stoo aliondoka, bosi akanikabidhi funguo, na tangu siku hiyo stoo ikawa yangu mpaka tawi lilipofungwa. Mkataba haukubadilishwa. Mshahara uliongezwa kidogo, jina la kazi likabaki lilelile.

Nilipoyatandaza matangazo 12 mezani, cha kwanza kilichonishtua hakikuwamo kwenye CV kabisa. Kilikuwa kwenye matangazo. Nilijiona kama mtu anayeomba kazi moja mara 31, kumbe nilikuwa naomba kazi tatu tofauti. Matano yalikuwa ya stoo na ghala. Manne yalikuwa ya ununuzi: kutafuta wauzaji, kulinganisha bei, kuandaa zabuni. Matatu yalikuwa ya usafirishaji: kupanga magari, madereva, mafuta, nyaraka za forodha. Kwa sababu chuoni yote haya tulisoma chini ya paa moja, niliyaona ni kitu kimoja. Mwajiri hayaoni hivyo.

Yale manne ya ununuzi, matatu yalitaka shahada na usajili wa PSPTB, bodi ya wataalamu wa ununuzi na ugavi. Moja lilikuwa la serikali kupitia Ajira Portal, na kule hakuna cha kubembeleza. Tangazo likisema shahada ni shahada. Mimi nina stashahada na sikuwa nimejisajili. Maombi hayo yalikufa kabla mtu hajafika kwenye jina langu, na CV hata ingeandikwa kwa wino wa dhahabu isingeyafufua.

Nikarudi kwenye barua pepe nilizotuma na ujumbe wa uthibitisho nilioupokea kutoka kwenye tovuti, nikahesabu. Kati ya 31, za stoo zilikuwa 11 tu. Hizo 20 nyingine nilikuwa narusha mawe gizani. Kwa hiyo swali langu likabadilika. Badala ya kuuliza kwa nini watu 31 wamenikataa, nikauliza kwa nini 11 wenye kazi ninayoijua kwa mikono yangu hawakunipigia. Ni swali dogo, na lina jibu.

Nikayaweka pembeni yale saba ya ununuzi na usafirishaji, nikabaki na matano ya stoo.

Kusoma tangazo nako kuna namna yake. Kila tangazo lina aya moja ya mapambo: awe mchapakazi, mwaminifu, anayeweza kufanya kazi na wenzake na chini ya shinikizo. Yote matano yalikuwa nayo, karibu kwa maneno yaleyale. Nilianza kwa kuipigia mstari aya hiyo, kisha nikakumbuka nguzo tano za shemeji. Hakuna nguzo ya uchapakazi, maana hakuna wa kuipa tiki wala wa kuinyima. Nikaiacha. Nikapiga mstari mwekundu kwenye kila kitu ambacho mtu anaweza kukitafuta kwenye karatasi na kusema kipo au hakipo, na wa bluu pale tangazo liliposema "itakuwa ni nyongeza" au maneno ya namna hiyo.

Kwenye kaunta buku nikachora safu tatu. Ya kwanza, jambo linalotakiwa, kwa maneno ya tangazo lenyewe. Ya pili, limetajwa na matangazo mangapi kati ya matano. Ya tatu, liko mstari wa ngapi kwenye CV yangu. Safu hii ya tatu ndiyo iliyonivua nguo. Nilijiwekea sharti kwamba siruhusiwi kuandika "lipo" mpaka niweke kidole kwenye mstari wenyewe. Si mahali ambapo msomaji angeweza kulikisia. Mstari.

Jambo la kwanza, kuhesabu mali na kuisawazisha na vitabu. Matangazo matano kati ya matano. Yote yalikuwa kwa Kiingereza, na maneno yaliyojirudia ni "stock count" na "stock reconciliation". Kwenye CV yangu: hakuna. Miaka karibu minne kila mwisho wa mwezi nilikesha stoo nikihesabu mpaka vifundo vya mabomba, na kwenye CV hakuna hata dalili. Kilichokuwepo ni mstari mmoja uliosema nilikuwa nauza bidhaa, natunza stoo na kufanya kazi nyingine yoyote niliyopangiwa na msimamizi. Mstari huo sikuutunga mimi. Ulikuwa kwenye CV ya mfano pale steshenari iliponichapia, nikaukubali.

Jambo la pili, mfumo wa kompyuta wa kuendeshea stoo. Matano kati ya matano tena. Mawili yalitaja SAP, moja Tally, mawili yalisema mfumo wowote wa ERP. CV yangu upande wa kompyuta: Word, Excel, PowerPoint na intaneti. Hapa niliweka kalamu chini. Nimetumia Tally kila siku tangu 2019! Kupokea mzigo, kutoa mzigo, kuhamisha kutoka stoo kwenda dukani, yote nilikuwa naingiza mimi. Sikuiandika kwa sababu kichwani mwangu Tally ilikuwa mali ya mhasibu. Yeye ndiye aliyekuwa na ofisi, mimi nilikuwa na kompyuta ya zamani karibu na magunia ya saruji. Kosa la namna hii hulioni kwa kuisoma CV peke yake hata mara mia, kwa sababu kitu ambacho hakipo hakikodolei macho. Unakiona pale tangazo la pili, la tatu, la nne linapokiuliza na kidole chako hakina pa kwenda.

Jambo la tatu, uzoefu wa miaka mitatu kwenye stoo au ghala. Manne kati ya matano. Nilikuwa nao, na zaidi. Lakini CV ilisema: 2017 mpaka 2023, msaidizi wa mauzo. Kwa mtu anayejaza nguzo, mimi nina miaka sita ya kuuza na sifuri ya stoo. Kila mmoja wa wale 11 alipaswa kuniruka, na mimi ningekuwa mahali pake ningejiruka.

La nne lilikuwa la kuchekesha. Matangazo mawili yalitaka mtu anayeishi karibu na eneo la kazi, moja Kibaha, moja Mkuranga. Naishi Mbagala. Kwenye CV anuani yangu ilikuwa sanduku la posta la baba, Singida, tangu CV ile iandikwe chuoni. Nani amwite mtu wa Singida kwa kazi ya stoo Mkuranga, wakati waombaji wa Mbagala wamejaa?

Kisha yakaja ambayo kweli sina. Kuendesha foklifti, mawili kati ya matano, moja kwa lazima na moja kama nyongeza. Usajili wa PSPTB, mawili. SAP, kama nilivyosema. Na bidhaa zenye tarehe ya kuisha muda, matatu, kwa sababu matatu yalikuwa ya vyakula na dawa. Huko kanuni ni kutoa kwanza kile kinachokaribia kuisha muda, si kile kilichoingia kwanza. Kwenye vifaa vya ujenzi rangi, gundi na saruji vina muda wake, na nilikuwa navipanga kwa tarehe. Lakini mabati na nondo havina. Nikaandika "nusu" kwenye safu ya tatu.

Nilimpelekea shemeji kaunta buku Jumapili iliyofuata. Aliipitia kimya, kisha akaniambia nigawanye safu ya tatu kwa makundi. Yapo ambayo unayo na hukuandika. Yapo ambayo umeandika kwa jina ambalo mwajiri halitafuti. Yapo ambayo huna. Makundi mawili ya kwanza yanatibika kwa kalamu, na kwangu ndiyo yaliyobeba kile kilichotakiwa na karibu matangazo yote. La tatu halitibiki kwa kalamu, na hapo ndipo watu wanapojiharibia.

Nilielewa anaelekea wapi, kwa sababu nilishaanza kufikiria kuandika SAP. Nilikuwa nimetazama video mbili, nikaona haina tofauti kubwa sana na Tally. Akanisimulia kuhusu kijana aliyeandika SAP miaka mitatu. Walimkalisha mbele ya kompyuta wakamwambia apokee mzigo wa katoni kadhaa. Kwenye SAP kazi hiyo watu wa stoo huifanya kwa kuandika MIGO. Kijana alitafuta neno "pokea" kwenye menyu kwa dakika nzima, akatoka jasho, wakamshukuru. "Angeandika Tally tu, tungeweza kumfundisha. Sasa tulijua anadanganya, na stoo ndiyo kazi ya mwisho ya kumpa mtu anayedanganya."

Bado kulikuwa na ugonjwa mwingine, na huu hata kaunta buku isingeuonyesha. Shemeji alijaribu kunakili jina langu kutoka kwenye faili ili aliweke kwenye Excel yake, kama anavyofanya kazini. Alibonyeza, akashikilia, hakuna kilichochaguliwa. Ukurasa mzima ulikuwa picha. Steshenari ilichapa CV, nikaisaini kwa peni kwa mbwembwe, wakaiskani pamoja na vyeti vyangu, ikawa PDF moja ya kurasa tisa na MB 14. Kwa macho ya binadamu ni CV. Kwa kompyuta ni picha ya karatasi.

Nikakumbuka kitu. Kwenye tovuti mbili za ajira nilizoombea, ukipakia CV mfumo wenyewe unajaza jina, elimu na kazi zako kwenye fomu. Kwangu ilibaki tupu mara zote mbili, nami nikadhani ni mtandao. Haikuwa mtandao. Kuipima ni rahisi: fungua PDF, jaribu kuchagua maandishi yote, yanakili, yabandike kwenye Notepad. Yasipotokea, faili ni picha. Yakitokea lakini yamechanganyikana, mwaka wa kazi moja umekaa kwenye jina la kazi nyingine, mara nyingi ni kwa sababu CV imepangwa kwa jedwali au safu mbili, na mashine inasoma kwa kukata upande hadi upande. Siwezi kusema ni waajiri wangapi kati ya wale 11 walitumia mashine, pengine wachache. Kampuni nyingi za hapa bado ni mtu na barua pepe yake. Ila MB 14 peke yake inatosha kumchosha mtu anayefungua maombi kwa bando la simu.

Ndipo nikaruhusiwa kuandika.

Mstari ulionichukua muda mrefu ni ule wa kuhesabu mali. Mwanzoni niliandika kwamba nilikuwa na jukumu la kuhesabu mali kila mwezi. Shemeji akauliza, mali ngapi, na zililingana? Nilikuwa na daftari langu binafsi la stoo, bahati nzuri sikulitupa. Hesabu ya mwisho niliyoifanya, Novemba 2022, tulikuwa na aina 1,140 za bidhaa, na zilizolingana na Tally zilikuwa 1,117. Hiyo ni kama asilimia 98. Mstari mpya ukawa hivi, kwa Kiingereza cha matangazo lakini maana yake ni hii: nilihesabu mali yote ya stoo kila mwisho wa mwezi na kuisawazisha na Tally.ERP 9, hesabu ya Novemba 2022, aina 1,117 kati ya 1,140 zililingana. Nilitaka kuongeza thamani ya mali kwa shilingi, ni mamilioni mengi na yangenipendezesha. Akanikataza. Idadi ya aina haimuumizi mtu, lakini fedha za bosi wa zamani si zangu kuzitangaza, na anayesoma atajiuliza za kwake nitazitangazia wapi.

Lugha nayo. Pale nilipoandika natunza stoo, niliweka maneno ya tangazo, kwa sababu ndiyo yanayotafutwa, lakini pale tu kazi ilipokuwa ileile. Niliwahi kuona CV ya rafiki yangu aliyenakili tangazo zima akaligeuza kuwa majukumu yake, mpaka na kosa la tahajia. Ukiwa na tangazo mkononi unaona mara moja.

Suala la jina la kazi lilikuwa gumu zaidi. Nilitaka kuandika mtunza stoo, kwani ndicho nilichokuwa. Lakini mkataba unasema msaidizi wa mauzo, na mwajiri akimpigia bosi wangu wa zamani, jibu ni moja. Tukaipasua miaka: 2017 mpaka 2019 msaidizi wa mauzo, dukani. Kisha 2019 mpaka 2023, jina lilelile la mkataba, na mbele yake maneno kwamba nilikabidhiwa kuendesha stoo. Chini yake ndiyo majukumu ya stoo yote. Sasa anayejaza nguzo anaona miaka inayozidi mitatu kwa macho yake.

Kisha nikamfuata bosi mwenyewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi cheti cha utumishi ajira inapokoma, na mimi sikuwa nimepewa wala kudai. Nilimkuta ofisini kwake, nikaamkia, nikamweleza bila kutaja sheria hata mara moja. "Shikamoo mzee, naomba karatasi inayosema nilishika stoo tangu lini." Akasema nirudi wiki ijayo. Nilirudi mara mbili. Ya tatu niliikuta imechapwa, ina mhuri, na mwaka 2019 umeandikwa sawasawa.

Vingine vilikwenda haraka. Anuani ikawa Mbagala. Dini, hali ya ndoa, shule ya msingi na kupenda kutazama mpira vikatoka, hakuna tangazo hata moja lililoviuliza. Tally ikapanda juu, Word na PowerPoint zikashuka. Rangi, gundi na saruji nikazitaja kwa majina kwamba nilizitoa kwa kufuata tarehe ya kuisha muda, na nikaishia hapo, sikuandika vyakula. CV ikawa kurasa mbili, faili ya maandishi isiyofika hata MB moja, vyeti kwenye faili lake.

Miezi miwili iliyofuata nilituma maombi manane tu, yote ya stoo, kila moja baada ya kupitisha kidole kwenye tangazo lake. Mengine sikuyatuma, moja lilitaka foklifti kwa lazima na nikaliacha lipite. Kati ya hayo manane, mawili yaliniita. Najua manane ni machache, na huenda Agosti walikuwa wanaajiri zaidi. Sijui ni mstari upi ulionipa simu ya kwanza, ila ya pili najua, kwa sababu dada aliyepiga aliuliza: "Umeandika Tally.ERP 9. Sisi tunatumia TallyPrime, umewahi kuigusa?" Nikamwambia sijaigusa. Akasema si mbaya, njoo Alhamisi.

Usaili wa kwanza nilikosa, walimchukua mtu mwenye foklifti. Ile safu ya "huna" kwenye kaunta buku bado ipo na bado inanidai.

Alhamisi nilikwenda Kibaha. Ghala la vyakula vikavu, harufu ya unga mpaka getini. Walikuwa watatu, na msimamizi wa ghala, mzee mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alikuwa ameichapisha CV yangu. Mbele yangu niliona kabisa amepiga duara la peni kwenye mstari mmoja. Hakuniuliza nijieleze wala najiona wapi baada ya miaka mitano. Aliisogeza karatasi, akaweka kidole kwenye duara.

"Kijana, 1,117 kati ya 1,140. Hizo 23 zilikwenda wapi?"

Nikamwambia tisa zilikuwa misumari, kwa sababu vitabuni iliingia kwa kilo na dukani ilitoka kwa boksi, na boksi likishafunguliwa hakuna anayekumbuka kupima. Sita zilikuwa rangi zilizohamishiwa dukani bila hati. Nne makopo ya gundi yaliyokauka ambayo hayakufutwa kwenye mfumo. Tatu mabomba yaliyokatwa vipande.

"Hizo ni 22."

"Moja sikuipata, mzee."

Aliandika kitu pembeni mwa duara, akamgeukia mwenzake, wakaanza kuniuliza kuhusu unga.